Kilomita ya Barabara ya Maghala

Mume wangu alishuka kwenye pikipiki ameinua simu juu kwa mikono miwili, anacheka, hata kofia ya usalama hajaivua.

"Moja!" alipiga kelele. "Moja nukta sifuri sifuri! Mke wangu, kilomita moja kamili, lango kwa lango!"

Nilimnyang'anya simu. Ilikuwa kweli. Alianzia kwenye lango la ghala la karatasi, akayazunguka maghala yote, kona sita, akarudi palepale langoni, na programu ya kukimbia ikaandika 1.00. Nilimwambia arudie, maana mimi si mtu wa kuamini kitu mara moja. Akarudia. Ikaandika 0.99. Akarudia tena, ikaandika 1.01. Nilimrukia shingoni palepale mbele ya mlinzi wa ghala, na mlinzi akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Lazima mjue kwa nini tulifurahi vile. Uwanja wa mji wetu ulikuwa umefungwa. Walikuja watu na mashine, wakafukua njia yote ya kukimbilia, wakaahidi kuweka mpya, kisha wakatoweka wakatuachia kilima cha mchanga katikati. Barabara nyingine zote za mji huu ama zinapanda ama zinashuka, na zile chache zilizo sawa zimejaa malori. Barabara ya maghala peke yake ndiyo tambarare kama meza, na jioni za Jumamosi maghala yakishafungwa haipiti gari hata moja. Ilikosa kitu kimoja tu, urefu unaojulikana. Sasa mume wangu ameniletea urefu, tena wa namba nzima, utadhani aliyechora barabara ile alinifikiria mimi.

Mwalimu alikuja na kopo la rangi nyeupe, akachora mstari mnene mbele ya lango. Ni mwalimu wa michezo aliyestaafu, mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Ndiye anayepeleka majina ya wakimbiaji wa mji wetu kwenye mchujo wa taifa, na kwa wanawake wa mita elfu tano alikuwa amebakiwa na nafasi moja.

"Binti," aliniambia, "una wiki sita. Vipindi vitano, kila kipindi kilomita moja, mapumziko dakika mbili. Nataka kila kilomita kwa dakika tatu na sekunde ishirini na tano. Ukiweza hapo, elfu tano utaimaliza ndani ya muda wanaoutaka. Usipoweza, jina lako silipeleki. Sitaki kukupeleka mbali ukaaibike."

"Na ukinipeleka nisiaibike?"

"Basi mimi ndiye nitakayeaibika kwa kukuchelewesha."

Hivyo ndivyo tunavyoongea mimi naye. Nina miaka thelathini na mitatu, nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na nina watoto wawili. Mchujo uliopita ulinikuta na mimba, ule wa kabla yake ulinikuta na goti bovu. Nilijua vizuri kwamba nikiukosa huu, ujao utanikuta nimeketi kwenye jukwaa nakula karanga. Nilikuwa nautaka mchujo ule kwa hasira.

Jumamosi ya kwanza nilikimbia kila kilomita kwa dakika tatu na sekunde arobaini na moja. Nikasema si kitu, mwili bado mzito. Ya pili, thelathini na nane. Nikafurahi, nikapika nikiimba. Ya tatu, thelathini na sita. Nikamwambia mume wangu aanze kunitafutia begi la safari.

Kisha nikagota. Jumamosi ya nne, thelathini na sita. Ya tano, thelathini na sita. Nilikimbia mpaka nikaona nyota mchana, na saa ya Mwalimu ikasema yaleyale. Mwalimu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu kama yule akikunyamazia, ujue ameshakuondoa kichwani. Nyumbani nilikuwa nikilala nimegeukia ukutani, najitukana kimoyomoyo: mzembe wewe, umezeeka, umejaza tumbo, unawasumbua watu bure. Mume wangu alinikanda miguu. Jioni moja aliniuliza kama nataka kuacha, nikamrushia taulo.

Sasa nawafikisha Jumamosi ya sita, siku ya mwisho. Majina yalitakiwa yafike saa kumi na mbili jioni. Nilipofika kwenye mstari mweupe, nikamkuta Mwalimu ana mgeni.

Alikuwa polisi aliyehamishiwa mji wetu wiki ileile, mwanamke wa rika langu, miguu mirefu, amevaa kaptura mpya. Jina lake lilikuwa limeshapelekwa kutoka alikotoka. Alikuja kujinyoosha tu. Nilimchukia tangu nilipomwona.

"Habari yako, dada," alisema.

"Nzuri, Afande," nikajibu, na tangu hapo hana jina lingine kwangu.

Mume wangu alikuwa ameketi juu ya pikipiki, kidole gumba juu, ananitia moyo. Mwalimu alishika saa yake ya kupimia mbio. Tukaondoka.

Afande alinitangulia tangu kona ya kwanza. Nilimkazia macho mgongoni, nikajisemea simwachi aende mbali, hata nikizimia. Alimaliza mbele yangu kwa hatua kadhaa, akageuka kumtazama Mwalimu.

"Tatu, thelathini na moja," Mwalimu alimwambia. Kisha akanitazama mimi. "Tatu, thelathini na sita."

Nilihisi machozi yanakuja, nikayameza. Lakini Afande alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Thelathini na moja?" aliuliza. "Mimi?"

"Wewe."

Tukapumzika dakika zetu mbili, tukaenda tena. Thelathini na moja, thelathini na sita. Safari hii Afande aliweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, samahani. Saa yako ni nzima?"

"Ina umri mkubwa kuliko utumishi wako," Mwalimu alisema. "Kunywa maji."

Kipindi cha tatu, yaleyale. Hapo Afande alikataa kabisa.

"Mwezi uliopita nilikimbia vipindi hivihivi kwenye uwanja wenye njia halali, raundi mbili na nusu, mistari imechorwa," alisema. "Kila kilomita ilikuwa tatu na ishirini. Mwili wangu naujua. Leo nimekimbia vilevile, pumzi ileile, na nyinyi mnanipa thelathini na moja. Sekunde kumi na moja zimekwenda wapi? Hii barabara ina kitu."

"Maliza kwanza, kisha utashitaki," alisema Mwalimu.

Mimi nilikuwa nimeinama, mikono magotini, jasho linadondoka kwenye rangi nyeupe. Lakini masikio yalikuwa wazi. Sekunde kumi na moja! Ishirini na tano niliyotakiwa, thelathini na sita niliyokuwa nikipata. Hata mimi, niliyemaliza shule kwa kubahatisha hesabu, niliona kwamba yeye na mimi tulikuwa tunaibiwa kiasi kilekile.

Vipindi viwili vya mwisho nilivikimbia kama mtu mwingine. Thelathini na sita. Thelathini na tano. Nilipovuka mstari sikuanguka, wala sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mume wangu.

"Simu," nilisema.

"Simu ya nini?"

"Ile uliyopimia. Leta."

Mume wangu ni fundi simu, na fundi simu ukimgusia simu yake mwenyewe umemgusia mboni ya jicho. Alitoka juu ya pikipiki amevimba.

"Mnataka kusema nimekosea? Nilipima mara tatu! Ninyi mashahidi! Simu hii inaongea na satelaiti huko juu, sijaipima kwa macho mimi."

"Shemeji, hatubishani," alisema Afande kwa ile sauti ya kituoni, ya upole inayotisha. "Na mimi ninayo simu. Ngoja nizunguke nayo polepole, raundi moja, kisha tulinganishe."

Akaenda akikimbia taratibu, simu mkononi. Mwalimu alitazama saa ya mkononi mara mbili. Afande alirudi amenyoosha mkono, ametugeuzia kioo cha simu tangu mbali, nasi tukajazana pale vichwa vitatu.

1.06.

"Aa!" nilipiga kelele. "Aa! Mnaona?"

"Yako ndiyo mbovu," mume wangu alimwambia Afande, lakini sauti ilikuwa imeshalegea.

"Inawezekana," alisema Afande. "Simu inaweza kukosea popote, hasa karibu na mabati makubwa kama haya. Hebu fungua ile safari yako. Usinionyeshe namba. Nionyeshe ramani, mstari uliojichora."

Hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu. Wiki sita zote, hakuna mmoja wetu aliyefungua ile ramani. Tuliona 1.00, tukarukaruka, basi. Mume wangu aliifungua, akaipanua kwa vidole viwili.

Barabara yetu ilikuwa pale, kijivu, na kona zake sita. Na mstari mwekundu wa mume wangu ulikuwa unakwenda nayo vizuri kwenye sehemu zilizonyooka. Lakini kila ulipofika kona, ulikuwa umeruka. Ulikata moja kwa moja juu ya mabati. Kwenye kona ya nne ulipita katikati ya ghala la sementi, ukatokea upande wa pili.

"Shemeji," Afande alisema taratibu, "wewe siku ile ulipita ndani ya ghala?"

"Sikupita," mume wangu alisema.

"Na hii betri ya rangi ya njano hapa juu ni nini?"

Ningependa mngeuona uso wake. Alijipiga kofi kwenye paji la uso mpaka mlinzi akasikia. Mume wangu kutwa nzima anafungua simu zenye betri zilizovimba, na maisha yamemfanya bahili wa chaji kuliko wa kitu kingine chochote duniani. Simu yoyote inayoingia nyumbani kwetu, kabla haijapigiwa mtu, anaiweka kwenye hali ya kuokoa chaji. Ya kwake ndiyo usiseme. Na alisahau kuiondoa.

"Mungu wangu," alisema. "Ikiwa inaokoa chaji haiulizi satelaiti kila sekunde. Inauliza mara mojamoja, kisha inalala. Na mimi nilikuwa kwenye pikipiki, nakimbia. Imenishika kabla ya kona, ikalala, ikanishika tena baada ya kona. Katikati ikaunganisha kwa mstari ulionyooka. Imenikata kona zote, mke wangu! Zote sita! Mara zote tatu!"

"Kwa hiyo barabara ni ndefu?" niliuliza. Nilitaka aseme kwa mdomo wake.

"Ni ndefu."

Nilipiga ukelele ambao sitaueleza. Nilimkumbatia Afande, niliyekuwa nikimchukia nusu saa iliyopita, nikambusu shavu lenye chumvi. Nilitaka kumpiga mume wangu na kumbusu pia, nikashindwa kuchagua.

"Tulieni," alisema Mwalimu.

Tukatulia.

"Simu moja inasema elfu moja. Simu nyingine inasema elfu moja na sitini. Ya kwanza imedanganya, sawa, tumeona kwa macho. Lakini nani ameniambia ya pili inasema kweli? Afande mwenyewe amesema mabati haya yanaichanganya. Mimi sipeleki jina la mtu kwa sababu simu mbili zimegombana."

"Mwalimu!" nililia.

"Sijakataa. Nimesema sipeleki kwa simu. Nani ana baiskeli?"

Mlinzi alikuwa nayo. Alikuwa anatusikiliza muda wote kwa masikio yote mawili, na sasa aliitoa nyuma ya kibanda akikimbia, akisema matairi yamejaa, ameyatia upepo asubuhi ile. Mwashi aliyekuwa anaziba ufa kwenye ukuta wa jirani akatoa tepu yake ya mita tano. Afande akaomba chaki.

Mwalimu alituonyesha, na mikono yake ilikuwa na haraka kama ya kijana. Alichora alama ya chaki kwenye tairi la mbele na nyingine chini ya tairi, barabarani. Akasukuma baiskeli kwa mstari ulionyooka mpaka tairi likazunguka mara kumi, akachora tena. Kisha tukapima kwa tepu kati ya alama mbili, mita tano, tano, tano, tano, na moja juu. Ishirini na moja.

"Mzunguko mmoja wa tairi ni mita mbili na sentimita kumi," alisema Mwalimu. "Tunafanya kumi kwa sababu kosa dogo la mzunguko mmoja likigawanywa kwa kumi linakuwa si kitu. Sasa tunazunguka barabara nzima na kuhesabu. Fundi, wewe sukuma."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekata kona. Leo utazipita zote."

Tulicheka mpaka mwashi akashika tumbo. Lakini kabla mume wangu hajaanza, Mwalimu aliniita mimi.

"Tangulia mbele yake. Pita pale unapopita ukiwa unakimbia, kando ya ukingo wa ndani, usitanue. Tairi lifuate nyayo zako. Tukipima katikati ya barabara tutapata urefu wa barabara, na mimi nataka urefu wa mbio zako."

Basi tukaenda. Mimi mbele, natembea kandokando ya ukingo kama bibi harusi, baiskeli nyuma yangu, na mume wangu ameinama juu ya tairi akihesabu kwa sauti kila alama ya chaki ilipogusa chini. Afande anahesabu naye. Mwashi anahesabu. Mlinzi ameacha lango wazi, anahesabu. Kila mizunguko hamsini Mwalimu alikunja kidole kimoja. Kwenye kona ya nne, mbele ya ghala la sementi, mume wangu alipita ukingoni kwa adabu kubwa, akaugusa ukuta kwa mkono, akasema, "Samahani, ndugu." Nilijua kwamba hahesabu mizunguko ya tairi tu. Ananihesabia mimi.

Lango lilipoonekana tulikuwa tumepita mia nne na themanini, na watu wote walikuwa wanapiga kelele za namba. Mia nne tisini na tisa! Mia tano! Mia tano na moja! Mume wangu alisukuma hatua chache za mwisho polepole, na alama ya chaki ikatua juu ya mstari mweupe.

"Mia tano na mbili!"

Mwalimu alitembeza vidole hewani, midomo ikicheza. Tulimtazama kama watoto wanaosubiri matokeo.

"Elfu moja na hamsini na nne," alisema.

"Na mbio zangu?" niliuliza. "Thelathini na sita kwa elfu na hamsini na nne, ni ngapi kwa elfu moja?"

Alihesabu tena. Safari hii alihesabu mara mbili.

"Tatu," alisema. "Ishirini na tano."

Sikusikia kelele za wengine. Nilisikia zangu tu. Mume wangu aliangusha baiskeli ya watu, akaninyanyua juu, akanizungusha, mimi nampiga mgongoni na kumwambia, "Umeniua, wewe! Umeniua wiki sita!" naye anasema, "Najua, najua, najua."

"Saa kumi na moja na nusu," alisema Afande. "Mwalimu, piga simu."

Mwalimu hakupiga. Alikuwa anaitazama barabara.

"Hesabu imekubali," alisema. "Lakini nikipiga simu ile nitaulizwa, umemwona akikimbia kilomita kwa muda huo? Nami sitasema nimemwona akigawanywa. Nataka kuona kwa macho yangu. Kilomita moja, ya kweli, sasa hivi. Tatu ishirini na tano au chini, napiga."

"Ameshakimbia tano!" mume wangu alifoka. "Mwenzako amechoka!"

"Ndiyo maana nataka moja tu."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumwambia maneno ambayo hayaambiwi mzee. Kisha nikatazama miguu yangu. Ilikuwa imekaa muda mrefu, imepumua, na ilikuwa inatetemeka kwa hamu. Nilikuwa nimeikimbia barabara ile wiki sita nikidhani inanishinda. Nilitaka kuikimbia mara moja nikiijua.

"Chora mstari," nilisema.

Walirudisha baiskeli nyuma kutoka langoni, mizunguko ishirini na sita kasoro kidogo, zile mita hamsini na nne zilizokuwa zikinila kila Jumamosi. Afande akachora kwa chaki mstari mwingine, mwembamba, akasimama juu yake na kuinua mkono nimwone. Mimi nikasimama langoni, kwenye ule mweupe. Mwalimu alisimama pamoja na Afande na saa yake, akaniambia ataangusha kitambaa.

Kitambaa kilianguka.

Sikumbuki kona ya kwanza. Ya pili nakumbuka, kwa sababu nilimsikia mwashi akiniita kutoka juu ya ngazi. Kwenye sehemu ndefu iliyonyooka miguu ilianza kuwa mizito, na yule mwanamke wa usiku, anayenitukana nikigeukia ukutani, akaamka. Mzembe wewe. Nikamjibu. Nilimjibu kwa sauti, peke yangu, kwenye barabara tupu: "Nyamaza, ulikuwa unahesabu vibaya!" Nikaongeza kasi. Kona ya nne niliipita karibu sana na ukingo mpaka bega likakaribia ukuta wa sementi. Ya tano. Ya sita. Kisha nikauona mkono wa Afande.

Na ulikuwa karibu! Hilo ndilo lililonishangaza. Mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba baada ya kona ya sita bado kuna kipande kile kirefu cha mateso mpaka langoni, ulikuwa umekiwekea akiba ya nguvu, na sasa kipande hakipo. Nikaitumia akiba yote pale. Nilifumba macho, nikapita juu ya chaki, nikaendelea kukimbia kwa sababu sikutaka kusimama nikasikia.

Nilisikia hata hivyo. Afande alipiga mluzi wa polisi.

"Ishirini na moja!" alipiga kelele. "Tatu na ishirini na moja!"

Nilirudi nikitembea. Mwalimu alikuwa ameshageuka, amenipa mgongo, simu sikioni, kidole kwenye sikio la pili.

"Usifunge," alikuwa anamwambia mtu. "Najua ni saa ngapi. Nimesema usifunge. Andika. Wanawake, elfu tano." Akalitaja jina langu. Akalitaja lote, langu na la baba na la babu, polepole, kama mtu anayeweka vikombe mezani. "Ndiyo. Nimemwona kwa macho yangu."

Mume wangu hakunikimbilia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, mikono yote kichwani, analia waziwazi, na mlinzi anampigapiga begani huku akiikagua baiskeli yake kama imepinda. Nilikaa kando yake. Lami ilikuwa bado ya moto.

Lakini niliyetaka kuongea naye alikuwa mwingine. Jumamosi ya tatu nilikuwa nimefika. Ya nne nilikuwa nimefika. Ya tano pia. Kumbe wiki zile zote nilizolala nikimtukana mwanamke mzembe, nilikuwa namtukana mwanamke aliyekuwa tayari, aliyeamka kila alfajiri akapiga pasi mashuka ya wagonjwa, kisha akaenda kukimbia, na hakuna aliyemwambia ahsante.

"Nisamehe," nilimwambia, kwa sauti.

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha," mume wangu alisema.

"Sikuongea na wewe," nilisema, nikamwegemea begani.